Hanna, Lovibond au Hach: kipima klorini kipi kinaifaa skimu ya maji ya kijiji?

Viongozi wa CBWSO, yaani chombo cha jamii kinachoendesha maji ya kijiji, wakipata fungu la kununua kipima klorini huanza na mashine: ipi ina kioo kizuri, ipi inasoma desimali nyingi, ipi bei nafuu. Mimi ningeanza na mambo mawili ambayo katalogi huyaweka kurasa za mwisho. Dawa ya kupimia mtaitunza wapi, na mashine mtaihakiki kwa kitu gani? Vipima vya mkononi vilivyo sokoni, vya bei ya chini na vya bei ya juu, karibu vyote vinatumia kemia ile ile. Kinachovitenganisha zaidi ni jinsi dawa yake ilivyofungwa na viwango vya uhakiki mnavyoweza kuvipata.

Nimechagua vitatu vinavyotofautiana kwa aina ya dawa na kwa bei: Hanna HI701, ile ndogo inayoitwa Checker, Lovibond MD100 ya vidonge, na Hach DR300 ya vipakiti vya unga. Mnunuzi ninayemfikiria ni skimu ya kijiji yenye tangi moja, vituo vya kuchotea kama ishirini, na fundi mmoja anayezunguka kwa bodaboda.

Kemia yenyewe ni fupi. Dawa inaitwa DPD. Ikikutana na klorini huru, ile ambayo bado haijashikana na kitu kingine majini, hugeuza maji kuwa ya pinki, na klorini ikizidi pinki hukolea. Mashine hupitisha mwanga wa kijani, wa kama nanomita 515 hadi 530, katika kichupa, hupima mwanga uliomezwa, kisha hutoa jibu kwa miligramu kwa lita. Kabla ya hapo unaisomesha sufuri kwa maji yale yale yasiyotiwa dawa, ili rangi na uchafu wa maji visihesabiwe kuwa klorini. Namba tunazozitafuta nazo zinajulikana. Shirika la Afya Duniani linataka angalau 0.5 baada ya klorini kukaa kwenye maji dakika 30, pH ikiwa chini ya 8, na angalau 0.2 pale mwananchi anapochota. Kikomo cha juu cha kiafya ni 5. Kwa hiyo kazi ya kila siku iko kati ya 0.2 na 2, na vifaa vyote vitatu vinafika hapo.

| | Hanna HI701 | Lovibond MD100 (vidonge) | Hach DR300 |
|---|---|---|---|
| Masafa, mg/L | 0.00–2.50 | 0.01–6.0 | 0.02–2.00 na 0.1–8.0 |
| Dawa | vipakiti vya unga | vidonge kwenye karatasi ya foili | vipakiti vya unga |
| Maji ya kupima | mL 10 | mL 10 | mL 10 (masafa ya chini) |
| Bei ya kifaa | ya chini kabisa | ya kati | ya juu |

Checker ndiyo ningempa mtu anayeanza kupima, au skimu ambayo fungu lake lingeishia kununua mashine moja ya bei kubwa na kukosa dawa. Ina kitufe kimoja. Kioo kikiandika C.1 unaweka kichupa cha maji matupu na kubonyeza, kikiandika C.2 unatia unga, unatikisa, unarudisha kichupa, kisha unashikilia kitufe mpaka ihesabu dakika moja yenyewe na kutoa jibu. Mtengenezaji anasema usahihi wake ni 0.03 jumlisha asilimia 3 ya namba uliyosoma. Ukisoma 0.20, ukweli uko mahali fulani kati ya 0.16 na 0.24. Hilo halinisumbui, maana linatosha kujua kama kituo cha mwisho kina klorini au hakina. Ila msimamizi asije akamfokea fundi kwa sababu kituo kimoja kimetoa 0.19 na jirani yake 0.21. Kwa mashine hii, hizo ni namba moja.

Udhaifu wa Checker uko kwingine. Ikifika 2.50 imefika mwisho, kwa hiyo siku mnayoosha tangi kwa klorini kali haitawasaidia bila kuzimua maji. Haikutengenezwa kuvumilia kudumbukia majini. Na uhakiki wake ni wa kuangalia tu. Hanna wanauza seti ya vichupa viwili vilivyofungwa, kimoja cha sufuri na kimoja chenye thamani iliyoandikwa, lakini mashine ikitoka nje ya thamani hiyo huirekebishi mwenyewe; inabidi kuibadilisha. Kwa bei yake hilo linavumilika.

MD100 ni mashine ya fundi anayezunguka, na sababu kubwa ni vidonge. Kila kidonge kiko kwenye chumba chake cha foili. Unapokifungua kimoja, vingine tisa vya kwenye ukanda ule havijaguswa na hewa. Katika mkoba wa bodaboda kwenye joto na vumbi, sijui namna nyingine ya DPD inayovumilia zaidi. Masafa yake yanafika 6.0, kwa hiyo tangi lililozidishiwa dozi kidogo bado linasomeka bila kuzimua.

Vidonge navyo vina adabu yake. Ukishasoma sufuri, mwaga maji ubakize matone machache, dondosha kidonge moja kwa moja kutoka kwenye foili bila kukigusa kwa vidole, kiponde kwa kijiti mpaka kilainike, kisha jaza hadi alama ya mL 10 na usome mara moja. Wengi hukitupa kizima kwenye kichupa kilichojaa, wakatikisa na kusoma. Vipande visivyoyeyuka huzuia mwanga, na mashine haijui tofauti ya kipande na pinki, kwa hiyo jibu linapanda. Kuna pia mtego wa dukani. Vidonge vya DPD No. 1 vinauzwa kwa aina mbili, moja imeandikwa Rapid na nyingine Photometer. Rapid ni ya vile vibao vya kulinganisha rangi kwa macho. Huyeyuka haraka lakini huacha maji na ukungu. Mashine inataka ile ya Photometer. Muuzaji akikuambia "ni ile ile tu, bosi", usichukue.

Jambo moja la MD100 ambalo wengine wanalisifu, mimi nalitazama kwa jicho la pili: huweza kukumbuka sufuri moja mpaka uizime. Kwa maji ya kisima yasiyobadilika linaokoa muda. Kwa skimu ya mto msimu wa masika, ambapo kituo cha kwanza kina maji maangavu na cha nane yana tope, soma sufuri upya kila kituo.

DR300 inawafaa wanaotakiwa kutoa ushahidi: mamlaka ya maji ya mji, ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, inayokagua skimu nyingi, au mradi ambao ripoti zake zinasomwa na watu wasiomjua fundi. Unatia kipakiti kwenye mL 10, unatikisa kama sekunde 20, na klorini huru lazima isomwe ndani ya dakika moja tangu utie dawa. Ukitaka klorini jumla, yaani iliyo huru pamoja na iliyoshikana na vitu vingine, unatumia kipakiti kingine chenye iodidi ya potasiamu, unasubiri dakika 3 na kusoma kabla ya dakika 6 kupita. Masafa ya juu yana kichupa chake na utaratibu wake, na ni vizuri kuliuliza hilo kabla ya kununua. Kwa bei ya DR300 moja mtapata Checker kadhaa, na kwa skimu ya tangi moja sioni sababu ya kulipa kiasi hicho, isipokuwa ofisi ya wilaya tayari inazo na itawakopesha viwango vyake vya uhakiki. Hapo hesabu inageuka kabisa.

Viwango hivyo ndivyo vinavyopaswa kuamua ununuzi, na ni vya aina mbili zisizofanya kazi moja.

Aina ya kwanza ni vichupa vya jeli vilivyofungwa. Seti ya Hach ina kimoja cha sufuri na vitatu vya pinki ya nguvu tofauti. Kila kimoja kina thamani na kiasi kinachoruhusiwa kupungua au kuzidi, vyote vikiwa kwenye cheti cha seti hiyo. Unafuta kichupa, unakiweka kwa alama yake, unasoma, basi. Rangi iko tayari na hakuna dawa inayotumika. Kwa hiyo jeli inakuambia kama taa na kisomaji cha mashine ni vizima. Kuhusu DPD iliyoko mfukoni mwako haisemi chochote. Jeli za mtengenezaji mmoja pia hazisomwi kwenye mashine ya mwingine, maana thamani zake zinategemea mwanga na kichupa cha mashine husika. Seti mpya ikifika, isomeni siku hiyo hiyo na kuandika namba daftarini. Hizo ndizo mtakazolinganisha nazo miezi ijayo. Itunzwe gizani, na tarehe yake ya mwisho iheshimiwe kama ya dawa.

Aina ya pili hupima mnyororo mzima: mashine, dawa na mkono wa fundi. Njia ya zamani na rahisi ya maabara ni pamanganeti ya potasiamu, ambayo DPD huiona kama klorini. Gramu 0.891 huyeyushwa kwenye maji safi ya maabara hadi lita moja. Kutoka hapo mL 10 huzimuliwa hadi mL 100. Ukichukua mL 1 ya huo mchanganyiko wa pili na kuifikisha mL 100, una maji ambayo DPD inatakiwa kuyasoma kama klorini 1.00. Pamanganeti hupendwa kuliko klorini yenyewe kwa sababu mchanganyiko wake wa kwanza hutulia muda mrefu kwenye chupa ya kahawia, wakati jiki au HTH, ile klorini ya unga ya kutibia maji, ikishazimuliwa hupoteza nguvu upesi na huwezi kuiamini bila kuipima kwanza. Ile ya 1.00 lakini itengenezwe na kutumika hapo hapo.

Kijiji hakiwezi kuinunua pamanganeti kirahisi. Ni miongoni mwa kemikali zinazodhibitiwa kimataifa kwa sababu hutumika pia katika kutengeneza dawa za kulevya, na hapa Tanzania kemikali za namna hiyo ziko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Njia ya kawaida ni kuiomba maabara ya maji ya mkoa iwape chupa ndogo ya mchanganyiko wa pili, nanyi mzimue hatua ya mwisho kwa maji waliyowapa wao. Msitumie maji ya bomba hata yawe maangavu vipi, kwa sababu yana klorini yake au yana vitu vinavyokula pamanganeti. Mkikosa kabisa, Hach wanauza vichupa vya kioo vya kuvunja vyenye klorini inayojulikana, kwa mfano kati ya 25 na 30 mg/L, thamani kamili ikiwa kwenye cheti. Ukiongeza mL 0.1 ya klorini ya 28 kwenye mL 10 za sampuli, jibu linatakiwa kupanda kwa takriban 0.28.

Tazama jinsi aina hizi mbili zinavyosaidiana. Chukua skimu yenye DR300 ambayo kwa wiki kadhaa imekuwa ikisoma chini kituo cha mwisho: 0.14, 0.13, 0.15. Fundi ameongeza HTH mara mbili, na wananchi wa karibu na tangi wameanza kulalamika harufu. Anakuja mtu wa wilaya na seti ya jeli. Cheti kinasema 0.21, 0.87 na 1.55, mashine inasoma 0.20, 0.88 na 1.53. Mashine ni nzima. Angeishia hapo, fundi angeambiwa aongeze dozi tena.

Anatengeneza pamanganeti ya 1.00 na kuipima kwa vipakiti vya fundi: 0.58. Anairudia: 0.61. Anachukua kipakiti kutoka pakiti yake mwenyewe, maji yale yale, kichupa kile kile: 0.98. Hapo hakuna ubishi tena, dawa ya fundi imechoka. Vipakiti vilikuwa kwenye boksi juu ya kabati, chini ya bati lisilo na dari, na tarehe ya mwisho ilikuwa bado miezi mitano. Tarehe iliyoandikwa huhesabiwa kwa dawa iliyotunzwa kama lebo inavyosema, na kwa unga wa Hach ni nyuzi 10 hadi 25. Ofisi ya bati saa nane mchana haimo humo.

Mtu atataka kuzirekebisha namba za nyuma kwa kugawanya kwa 0.6. Usifanye hivyo. Kila kipakiti kimeharibika kwa kiasi chake, na hujui uharibifu ulianza lini. Namba za wiki hizo ziandikwe kuwa hazitegemewi, dozi irudishwe ilivyokuwa, kisha vituo vipimwe upya kwa dawa nzima.

Kungekuwa na hali ya kinyume, jeli zikasoma vibaya na pamanganeti vibaya kwa uwiano ule ule, ningeangalia mashine: kwanza kioo cha ndani kama kina ukungu au vumbi, kisha betri, kisha kichupa chenye mikwaruzo. Kichupa kilichotoka kujazwa maji ya baridi hutoka jasho, na jasho hilo huzuia mwanga. Kikaushe kwa kitambaa laini kabla ya kukirudisha.

Dawa iliyochoka si lazima ionekane kwa macho, lakini mara nyingi hutoa dalili. Unga wa DPD mzima ni mweupe au unakaribia weupe. Ukiwa wa kijivu, wa kahawia au umegandamana, umepata unyevu. DPD ya maji, ile ya matone ambayo sikuiweka kwenye ulinganisho huu kwa makusudi, ikigeuka kahawia au zambarau imekwisha. Ndiyo rahisi kuliko zote kutumia na ndiyo inayoharibika mapema zaidi, kwa sababu kila ukifungua chupa hewa inaingia. Ukiwa nayo tayari, andika tarehe ya kuifungua kwa kalamu ya wino mzito ubavuni, na ukiitunza kwenye friji iache ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo unyevu wa hewa utatua ndani. Chupa za kupimia unga zinazofunguliwa kwa dozi mia kadhaa nazo ziko kundi hili: nzuri maabara yenye vipimo vingi kwa siku, mbaya kijijini.

Kila boksi jipya, na kila mwezi kwa boksi lililofunguliwa, fanya majaribio mawili. Tia dawa kwenye maji yasiyo na klorini. Jibu liwe sufuri au jirani yake. Likiwa 0.05 au zaidi, dawa yenyewe ina rangi na itakuonyesha klorini isiyokuwepo, kosa la hatari zaidi kuliko lile la fundi wetu. Kisha tia kwenye 1.00, mimi nakubali 0.90 hadi 1.10. Jaribio moja bila jingine halitoshi, kwa sababu dawa inaweza kutoa sufuri safi na bado ikawa imepoteza nusu ya nguvu.

Kuna sufuri moja ambayo mashine zote tatu zitakupa kwa uongo, na dawa ikiwa nzima. Klorini ikiwa nyingi mno, inaifuta pinki iliyoitengeneza. Fundi anayepima tangi lililotoka kuoshwa anaona 0.00 na kutia HTH zaidi. Angalia kichupa wakati unatia dawa: pinki ikiwaka ghafla kisha ikapotea, usisome. Zimua mL 1 ya sampuli hadi mL 10 kwa maji yasiyo na klorini, pima, zidisha mara 10. Na kama umetoka kupima klorini jumla, osha kichupa vizuri kwa maji ya sampuli inayofuata. Iodidi kidogo iliyobaki inatosha kuifanya klorini huru ya kituo kijacho isomwe juu kuliko ilivyo.

Linabaki suala la kuagiza. Fundi wetu akipima vituo vinne kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anatumia dozi 104. Pamoja na majaribio ya uhakiki, tuseme 110. Muuzaji atakupunguzia bei ukichukua 1,000, na hizo zinaisha kwa miezi tisa, kwa hiyo chukua. Skimu inayopima vituo viwili kwa wiki hutumia kama dozi 10 kwa mwezi. Kwake 1,000 ni dawa ya miaka minane, nyingi itaishia jalalani. Huyo achukue 100, na ziwe vidonge. Kwenye hati ya ununuzi msiandike tu "DPD". Andikeni namba ya bidhaa, neno Photometer kama ni vidonge, na sharti kwamba siku ya kupokelewa iwe imebakiza angalau miezi 18 kabla ya tarehe ya mwisho. Seti ya uhakiki ya mashine hiyo hiyo iwe kwenye hati hiyo hiyo. Muuzaji asiyeweza kuileta, ondokeni na pesa zenu.